Sentensi Ninayoifuta Katika Barua ya Kumkatalia Mwombaji Kazi

Katika kazi yangu ya kuajiri, sentensi ninayoifuta kila ninapoikuta kwenye rasimu ni ile isemayo, "Tutahifadhi wasifu wako na tutawasiliana nawe nafasi nyingine ikipatikana." Anayeiandika hutaka kupoza machungu, lakini anayeisoma huipokea kama ahadi, na ana haki ya kufanya hivyo. Mwombaji mmoja alinipigia simu miezi mitano baada ya kupata barua yangu, akanisomea sentensi hiyo neno kwa neno, nami nikakosa la kumjibu, kwa kuwa wasifu wake haukuwahi kufunguliwa tena.

Tuseme mtu ameomba nafasi ya mhasibu msaidizi, akafanyiwa usaili mara mbili, akashika nafasi ya pili. Mimi ningemwandikia hivi:

"Asante kwa kuja kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Tumemchagua mwombaji mwingine. Kilichoamua ni uzoefu wa kufunga hesabu za mwezi bila msimamizi, ambao tuliutaja kwenye tangazo na ambao ulituambia bado hujaupata. Ulipoeleza ulivyoitafuta tofauti kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki, tuliona umakini wako katika kazi."

Uamuzi umekaa kwenye sentensi ya pili ili msomaji asilazimike kuutafuta chini ya sifa, na hakuna neno "kwa sasa," ambalo ni dogo lakini huacha mlango wazi wakati sisi tumekwisha kuufunga. Sababu ni moja, imetoka kwenye tangazo, na ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya alama za usaili. Kama sababu ya kweli haiwezi kusemwa, ni bora kunyamaza kuliko kubuni nyingine, kwa maana mwombaji anaweza kutumia miezi akirekebisha kasoro ambayo hakuwa nayo. Sifa nayo lazima itokane na jambo alilolifanya mbele yetu, la sivyo ataitambua kuwa ni ile ile waliyotumiwa wengine. Kwa ambaye hakufika kwenye usaili, shukrani na uamuzi vinatosha.

Ugumu uko kwenye wakati wa kuituma. Aliyechaguliwa akiwa hajasaini mkataba, wa pili bado anahitajika, na wengi wetu humwacha kimya kwa wiki kadhaa. Naona ni uungwana zaidi kumweleza kwamba nafasi imetolewa kwa mwingine ambaye hajathibitisha, na kumtajia siku atakayopata jibu la mwisho, kisha kumwandikia siku hiyo hata kama hakuna jipya.

Akiuliza kama anaweza kuomba tena, humjibu kwamba anaruhusiwa tangazo likitoka, na kwamba ombi lake litaanza mwanzo kama la mtu mwingine yeyote.