Jumatano, saa kumi na nusu: kuweka oda pande mbili au kukaa nje?

«Ripoti ya akiba ya mafuta ya Marekani inatoka kila Jumatano saa ileile. Kwa nini tusiweke oda pande mbili, ya kununua juu na ya kuuza chini, halafu tuchukue upande wowote bei itakaokwenda?»

Kwanza saa yenyewe. EIA, shirika la takwimu chini ya wizara ya nishati ya Marekani linalohesabu akiba, huitoa saa nne na nusu asubuhi kwa saa za New York. Hapa Lubumbashi hiyo ni saa kumi na nusu jioni, lakini kuanzia Novemba hadi Machi ni kumi na moja na nusu, kwa sababu wao hurudisha saa nyuma na sisi hatugusi. Jumatatu ikiwa sikukuu kwao, ripoti kwa kawaida husogea hadi Alhamisi. Wengi hujeruhiwa na kalenda hii tu, kabla hata ya kubishana kuhusu mbinu.

Wenye oda mbili wana hoja ya kweli. Mtikisiko unajulikana utakuja, na soko lina wanunuzi na wauzaji wengi dakika zile. Tena zipo wiki ambapo ripoti ilisema kitu kikubwa: tarehe 15 Aprili 2020 ilionyesha akiba ya mafuta ghafi imepanda kwa mapipa milioni 19.2, na siku tano baadaye mkataba wa Mei wa WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ulifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Aliyeisoma vizuri hakukosea.

Lakini wiki ile ilikuwa ya janga. Katika wiki ya kawaida, namba kubwa ya juu inaweza kuwa meli moja tu. Hesabu hukatwa Ijumaa saa moja asubuhi, kwa saa za Marekani. Meli ya aina ya VLCC hubeba takriban mapipa milioni 2. Ukungu ukifunga njia ya meli ya Houston kwa siku mbili, mafuta yaliyotakiwa kuondoka Alhamisi hubaki kwenye matangi, na ripoti inasema akiba imepanda. Wiki inayofuata yanaondoka, na akiba «inashuka». Hakuna aliyechoma lita moja zaidi wala pungufu. Ndiyo maana wazoefu huangalia papo hapo kiasi kilichouzwa nje, akiba ya Cushing, kituo cha matangi ambako mkataba wa WTI hukabidhiwa, na akiba ya esansi na mazuti. Namba hizo zikipingana, bei hupanda kwa ya kwanza na kuporomoka kwa ya tatu, ndani ya dakika moja. Huo ndio mwendo unaoziua oda mbili.

Tuchukue mfano kwa mkataba mdogo wa WTI, wa mapipa 100, ambapo kila senti ni dola 1. Bei iko 70.00. Umeweka kununua 70.20 na kuuza 69.80. Unajiambia: mambo yakiharibika, hasara ni senti 40. Ghafi inatoka chini ya matarajio, bei inaruka, na kwa sababu hakuna muuzaji pale 70.20, oda yako inanunua kwa 70.28. Kisha esansi inaonekana imejaa, bei inageuka, na oda ya pili inakupata 69.74. Tofauti ni senti 54, yaani dola 54. Dakika kumi baadaye bei iko 70.05, kama hakuna kilichotokea. Kwenye akaunti ya dola 500, hiyo ni zaidi ya asilimia 10 kwa jioni moja, na ulikuwa sahihi kwamba bei itatikisika!

Wanaokaa nje huitwa waoga. Mimi naona ndio waliopiga hesabu. Fungua chati ya dakika tano, chukua Jumatano kumi na mbili zilizopita, andika urefu wa mshumaa wa ripoti, toka juu hadi chini, kisha ule wa nusu saa kabla. Tuseme unapata wastani wa senti 50 dhidi ya 15. Kama hasara unayoikubali ni dola 20, stopi, yaani oda ya kukata hasara, ya senti 20 itamezwa na kelele, na ya senti 50 inazidi uwezo wako. Mkataba haugawanyiki tena, kwa hiyo unafunga biashara yako iliyo wazi dakika tano kabla ya ripoti.

Kufunga kuna gharama: unalipa spredi, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, mara mbili, na mara nyingine mwendo mzuri unakupita. Aliye na faida ya dola 2 kwa pipa tayari, na stopi iliyo mbali, anaweza kubaki bila kosa. Kwa wengine, kurudi si suala la saa: subiri spredi irudi ilivyokuwa nusu saa kabla, mara nyingi robo saa hutosha, kisha tumia kilele na bonde la dakika zile kama mipaka ya jioni.

Na umeme ukikatika saa kumi na dakika ishirini na tano, anayekaa nje hapotezi kitu.