Kura 41 za wateja wa samaki

Wanaofundisha biashara ya mtandaoni wanaipima kura ya maoni kwa kitu kimoja tu: wangapi wamepiga. Kwa kipimo hicho, muuza samaki anayeuliza kwenye grupu la wateja wake "Changu au kolekole?" amefaulu. Saa moja haijaisha, kura mia na ushee zimeingia na watani wawili wameshaanza kubishana. Mwenzake anayeuliza kama wateja wako tayari kuongeza shilingi 1,000 kwa kilo ili waletewe samaki aliyeparwa anaambulia kura 41 kwenye grupu la watu 210. Huyo huambiwa swali lake limepooza.

Mimi naona huyu wa pili anaonewa, ingawa wa kwanza naye ana hoja yake, na tuanze nayo.

Swali jepesi linaamsha grupu lililolala. Wateja wengi wa WhatsApp wameshazima sauti za magrupu ya biashara, wanayapitia usiku wakiwa na nafasi. Kura ya changu au kolekole haiwagusi mfukoni, wala haiwataki wafikiri, na inawakumbusha kwamba yule jamaa anayechukua mzigo Feri bado yupo. Mara nyingine oda inatokea hapo hapo: mtu anapigia changu, kisha anaandika, "Jumapili nina wageni, niwekee kilo mbili." Tuliite jina lake basi, ni tangazo, na tangazo zuri lisilogharimu kitu.

Tatizo linaanza kwenye posti ya pili, ile inayosema, "Wateja wetu mmeamua, wiki hii ni changu!" Hakuna aliyeamua. Samaki gani atakuwepo Jumamosi ni shauri la bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa wa dagaa hupumzika. Ijumaa changu akikosekana mnadani, muuzaji ataleta alichopata, na wale mia na ushee watakuwa wamejifunza kwamba kura kwa huyu bwana ni mchezo. Siku atakapouliza jambo la kweli, watajibu kama wanavyojibu mchezo.

Sasa tumtazame wa pili. Tuseme anafikiria kumlipa kijana ampare samaki na kumtoa matumbo pale pale sokoni, kabla pikipiki haijaondoka. Rasimu yake ya kwanza ya swali huwa hivi: "Je, ungependa tukuletee samaki aliyeparwa tayari?" Ndiyo, Hapana. Nani atasema hapana? Kazi ya magamba kwenye sinki haina mpenzi, bei haijatajwa, na anayeuliza ni mtu mnayeheshimiana naye. Ndiyo zote hapo ni za adabu. Angepata tisini asingejua chochote alichokuwa hajui jana yake.

Kipimo ninachokipenda ni kuandika posti ya matokeo kabla ya kuandika swali. Aandike mwisho wa posti mara mbili: ikiwa wengi watasema hivi, nitafanya hivi; ikiwa wengi watasema vile, nitafanya vile. Kama miisho yote miwili inafanana, swali halina kazi. Kwa huyu bwana miisho inatofautiana kwa jambo moja tu, ile shilingi 1,000, kwa hiyo lazima iingie ndani ya majibu yenyewe. Swali likageuka hivi:

"Samaki wako wa Jumamosi umpendaje?
Mzima, nitampara mwenyewe, bei ile ile
Aliyeparwa na kutolewa matumbo, naongeza 1,000 kwa kilo
Bado sijawahi kuagiza kwenu"

Kuna mambo hapo ambayo hayaonekani kwa haraka. Jibu ambalo muuzaji mwenyewe halitamani limewekwa juu, kwa sababu mtu mwenye haraka hugusa la kwanza, na ni afadhali haraka hiyo imuumize yeye kuliko imdanganye. Jibu la bei ya kawaida halikuandikwa "siwezi kuongeza", kwa sababu ndani ya grupu la WhatsApp kila mtu anaona nani kapigia nini, na hakuna anayetaka jirani yake asome kwamba elfu moja imemshinda. Jibu la tatu linawachuja walioingizwa kwenye grupu na shemeji zao na hawajanunua hata dagaa. Mwisho, pale pa kutengenezea kura, azime ile ruhusa ya kuchagua majibu zaidi ya moja. Ikibaki imewashwa, kura zinazidi watu na hesabu yote inaharibika. Mtu anaweza pia kubadilisha kura yake baadaye, kwa hiyo atangaze saa ya kufunga na saa hiyo ikifika apige skrinshoti ya kuhesabia. Hiyo abaki nayo. Kuirusha nje ya grupu ikiwa na majina na namba za watu si ustaarabu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Tuseme kura zimefungwa: 23 wanataka aliyeparwa, 12 wanataka mzima, 6 hawajawahi kuagiza. Jumla 41.

Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu, na nitawaomba mkae nami. Asilimia ngapi wanataka samaki aliyeparwa? Ukiwaondoa wale 6, ni 23 kati ya 35, yaani 66. Ukiwabakiza, ni 23 kati ya 41, yaani 56. Ukihesabu grupu zima, ni 23 kati ya 210, yaani 11. Hesabu zote tatu ni sahihi, na anayetaka kutangaza huduma mpya atachagua 66 bila kusema uongo hata mmoja. "Theluthi mbili ya wateja wetu" inapendeza kwenye posti. Ila hao watu ni 23, wanaenea kwenye daladala moja na viti vikabaki.

Na wale 169 walionyamaza? Hatuwezi kudhani kwamba wangejibu kama wenzao. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10, zikarudi kama milioni 2.4, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Landon akapata majimbo mawili tu. Kura milioni mbili na ushee hazikuliokoa jarida lile, kwa sababu waliofikiwa na waliojisumbua kujibu hawakuwa mfano wa wapiga kura wote. Basi kura mia na ushee za changu nazo zisitutishe.

Lakini muuza samaki ana kitu ambacho jarida lile halikuwa nacho: daftari la oda. Majina ya waliopiga kura anayaona, hivyo anaweza kuyalinganisha usiku mmoja na kikombe cha chai. Tuseme anakuta kwamba kati ya wale 23, walioagiza mwezi uliopita ni 8. Kati ya wale 12 wa samaki mzima, walioagiza ni 10. Picha imepinduka. Wanaonunua wamegawanyika karibu sawa, na wa mzima wamezidi kidogo. Waliojaza upande wa pili ni watu wanaopenda wazo.

Sasa fedha. Kijana wa kupara anataka 15,000 kwa asubuhi. Kwa nyongeza ya 1,000 kwa kilo, zinahitajika kilo 15 ili asiingie hasara. Wateja 23 wakichukua kilo mbili mbili ni kilo 46, na hapo kuna faida ya 31,000 kila Jumamosi. Wateja 8 ni kilo 16, na faida ni 1,000, nauli ya bodaboda fupi. Mmoja wao akisafiri, imekula kwake. Tofauti ya biashara inayolipa na biashara ya kujichosha ilikuwa imejificha ndani ya asilimia 66.

Wapo watakaosema: kama jibu la kweli liko kwenye daftari, kura ya nini? Hoja nzuri. Ila daftari linajua walichonunua, na samaki aliyeparwa hajawahi kuuzwa, kwa hiyo haliwezi kusema lolote juu yake. Kura inaleta nia, daftari linaonyesha nia ya nani ina historia. Kimoja bila kingine kinapotosha.

Posti ya matokeo, basi, iwe hivi:

"Jumatatu tuliwauliza samaki wa Jumamosi mnampendaje. Hadi Jumatano saa 2 usiku mmejibu 41 kati yetu 210. Aliyeparwa kwa nyongeza ya 1,000: 23. Mzima: 12. Ambao hamjawahi kuagiza: 6. Kwa kuwa wengi hamjajibu, hatubadilishi bei ya mtu yeyote. Samaki atakuja mzima kama kawaida. Unayetaka aliyeparwa, andika PARA kwenye oda yako kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Kilo tunapima kabla ya kupara. Tunajaribu Jumamosi tatu, kisha tutawaambia kilo ngapi zimechukuliwa na kama tunaendelea."

Kuna atakayelalamika kwamba wengi walitaka aliyeparwa na muuzaji amewapuuza. Hajawapuuza, kila mmoja wa wale 23 amepewa alichokitaka na njia ya kukipata. Anachodaiwa ni kuandika neno moja. Wale 12, na walionyamaza, hawakuamka wakakuta bei imepanda kwa sababu ya kura ambayo huenda hawakuiona. Namba zimeandikwa za watu, si za asilimia, kwa hiyo yeyote anaweza kurudi juu kwenye kura na kuhakikisha. Na ile sentensi ya kilo, inayoonekana ya kijinga, inazuia ugomvi mmoja wa hakika: changu akishatolewa magamba na matumbo hupungua uzito, na mteja mwenye mizani jikoni atapiga simu kwamba amepunjwa.

Ninachowakubalia wale wa swali jepesi ni kwamba posti ya namna hii haipati laiki, na ukiuliza hivi kila wiki watu watakukimbia. Aulize tu anapokuwa na uamuzi mkononi, na katikati ya hapo changu na kolekole waendelee kuchuana, mradi isisemwe kwamba wateja wameamua.

Jumamosi ya tatu ikipita, afungue daftari ajumlishe kilo zilizoandikwa PARA. Zikiwa wastani wa 15 kwa Jumamosi au zaidi, kijana anabaki. Zikiwa 10, aandike kwamba zilikuwa 10, zilihitajika 15, na huduma inasimama. Wale waliokuwa wakiandika PARA awafuate mmoja mmoja kwenye simu zao, maana hao ndio pekee ambao sasa ana jambo la kuwauliza: kwa 1,500, wangebaki?