Daftari la viboko lina kosa, halina kilichotangulia

Kanuni za adhabu ya viboko katika shule za Tanzania zinataka kila adhabu iandikwe: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyechapa. Ukilifungua daftari hilo unajua nani alichapwa kwa lipi. Hujui kosa lilitokea wakati wa kipindi gani, mtoto alikuwa ameagizwa nini, wala alipata nini baada ya adhabu. Kwangu mimi mwalimu wa elimu maalumu, hayo yaliyoachwa ndiyo tathmini yenyewe.

Rekodi tunayotumia sisi ina safu tatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Karatasi ya kawaida na rula vinatosha. Kazi iko kwenye kuandika. Walimu wengi safu ya katikati huijaza "mkorofi" au "ana kiburi", na hizo ni hukumu. Andika kile ambacho mtu aliyekaa dawati la pili angekiona pia: "alimsukuma jirani kwa kiwiko mara mbili." Safu ya tatu nayo hujazwa "aliadhibiwa", basi. Hapo ndipo tunapopotea zaidi.

Chukua mvulana mmoja wa Darasa la Nne, tumwite Hamisi, aliyeletwa kwangu kwa maelezo kwamba anapiga wenzake bila sababu. Nilikaa nyuma ya darasa nikaandika. Saa mbili na dakika arobaini mwalimu anaandika habari ubaoni na kusema, "Nakilini." Hamisi anaandika mstari mmoja, anakunja macho, anachungulia daftari la jirani, jirani analifunika kwa mkono. Anamsukuma. "Mwalimu, Hamisi ananipiga!" Mwalimu: "Toka nje, kapige magoti." Anatoka. Kengele inalia, anarudi, na hakuna aliyemdai ile kazi.

Soma safu ya tatu upya kwa jicho la mtoto. Alikuwa na kazi iliyomshinda, akasukuma mtu, kazi ikaondoka. Tulichokiita adhabu kilimpa njia ya kutorokea. Na kilimlipa mwalimu pia, maana darasa la watoto zaidi ya 70 lilitulia papo hapo. Ndiyo sababu amri ya "toka nje" haiishi: pande zote mbili zinapata nafuu.

Tukio moja halithibitishi kitu. Kwa wiki mbili, kila ugomvi wa darasani isipokuwa mmoja ulianza wakati wa kunakili kutoka ubaoni. Niliandika pia vipindi vilivyopita salama, jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye hesabu za mdomo na hadithi za kusikiliza hakukuwa na fujo hata kidogo. Bila kumbukumbu ya utulivu huwezi kujua kama kunakili ndiko kunakoleta balaa, au basi tu darasa zima hushinda likinakili.

Hata hivyo rekodi inaonyesha mambo yanayofuatana, haisemi lipi limesababisha lipi. Huenda Hamisi hajui kuandika vizuri, huenda haoni. Mwalimu wake alitaka tumhamishie dawati la mbele. Nilikataa kwanza, kwa sababu mbele angekuwa karibu na ubao na karibu na mwalimu kwa wakati mmoja, akitulia tusingejua kilichomtuliza ni kipi. Tukamwacha palepale nyuma, jirani yule yule, tukampa habari ile ile imeandikwa kwenye karatasi mezani pake. Aliinakili yote, na kiwiko kilikaa mahali pake. Tulirudia siku nyingine, ikawa hivyo hivyo. Tukamwita mama yake, tukamwandikia barua ampeleke kupimwa macho, na dawati la mbele akapewa siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo aliyefanya kosa hakutolewa tena nje kabla ya kumaliza angalau mistari michache.

Kasoro ya njia hii naijua. Mgeni akiketi nyuma na kalamu, watoto hubadilika, na mwalimu hubadilika kuliko watoto. Ukurasa wa siku ya kwanza huwa siuhesabu. Mwalimu anayefundisha peke yake pia hawezi kuandika kila kitu. Namshauri achague tabia moja na kipindi kimoja, aandike mara tu mkono unapopata nafasi, kwa kuwa ukisubiri jioni utakumbuka hasira yako zaidi ya kilichotangulia.

Ule ugomvi mmoja uliobaki ulitokea asubuhi, darasa likiwa ndiyo kwanza linaingia kutoka mstarini. Karatasi yangu inaanza na Hamisi akiwa tayari amemshika mwenzake shati. Kilichotokea huko nje sikukiona, kwa hiyo safu ya kwanza niliiacha wazi, na zamu iliyofuata nikaanza kuandika nikiwa mstarini.