Shikamoo na hoja ya kushika miguu

"Shikamoo maana yake nashika miguu yako. Hiyo ni salamu ya watumwa kwa mabwana zao. Kwa nini bado tunawafundisha watoto wetu?"

Upande wa historia, wanaouliza hivi hawajabuni kitu. Salamu hii ni ufupisho wa "nashika miguu yako", na katika pwani ya karne ya 19, wakati jamii imegawanyika kati ya waungwana na watumwa, mtumwa alimwamkia bwana wake kwa maneno hayo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897, lakini salamu ilibaki midomoni. Kwa hiyo mgeni akitafsiriwa neno kwa neno akashtuka, akauliza ni watu gani hawa wanaoshikana miguu asubuhi asubuhi, mshtuko wake una sababu. Ila mtumwa hakuwa peke yake. Mtoto naye alimwamkia mzazi hivyo hivyo. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoenea bara pamoja na Kiswahili chenyewe, na leo Mtanzania ukimtajia shikamoo anachofikiria ni umri. Wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam walipoungana kupiga muziki wa zamani waliiita bendi yao Shikamoo Jazz, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba jina linahusu uzee wao.

Asili ya neno, basi, haitoshi kulihukumu. Waitaliano wanaagana na kusalimiana kwa neno wanalolitamka "chao". Limetoka Venisi, na asili yake ni kusema "mimi ni mtumwa wako". Leo marafiki wanarushiana wakipishana barabarani, na hakuna anayejiona mtumwa. Wanaotetea shikamoo huishia hapa wakidhani wameshinda: maana ya neno ni matumizi yake, basi yaishe.

Mimi naona hayajaisha, kwa sababu mfano huo una tofauti moja kubwa. Ukiambiwa chao unajibu chao. Ukiambiwa shikamoo unajibu marahaba. Neno moja linapanda, lingine linashuka, na anayepokea hawezi kulirudisha lile alilopewa. Marahaba yenyewe imetoka kwenye Kiarabu, ambako ni neno la kumkaribisha mtu, na watu wa rika moja wanaambiana bila shida. Mzanzibari aliyehamia Omani anaweza kulisikia dukani likisemwa na kijana kwa mzee, jambo ambalo kwao Unguja lingeonekana utovu wa adabu. Kwa hiyo kinachotoa picha ya ukubwa na udogo hapa ni mpangilio wa nani anaanza na nani anajibu nini. Miguu haina kesi kubwa.

Baadhi ya Waislamu wanaipinga shikamoo kwa upande huu huu, na naona hoja yao ina nguvu kuliko ile ya utumwa. Assalaam alaykum nayo ina utaratibu: mafundisho yanataka mdogo amwanze mkubwa, na aliyepanda mnyama amwanze anayetembea kwa miguu. Lakini Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 86, inamtaka anayesalimiwa ajibu kwa maamkio yaliyo bora zaidi, au arudishe yale yale. Marahaba kavu, ikatamkwa huku mtu anatazama simu, haijafika hata nusu ya hapo.

Sasa tuiangalie ikiwa kazini. Bibi wa miaka zaidi ya sabini amefika zahanati, muuguzi aliyetoka chuoni juzi anatakiwa amuulize habari za haja ndogo, za maumivu ya nyonga, pengine amwombe avue nguo. Anaanza: "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo. Pole bibi, unaumwa wapi?" Kwa maneno hayo machache muuguzi ameshakuwa mjukuu, na maswali ambayo yangekuwa aibu kutoka kwa mtu baki yanajibika. Sijui salamu nyingine ya Kiswahili inayofanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. "Habari yako" haifanyi. Kwa bibi yule ingekuwa dalili kwamba huyu binti hakufunzwa. Mkenya wa bara ambaye kwao "habari" inamtosha kila mtu hukutana na jambo hili akifika Dar au Tanga: hakutukana mtu, lakini nyuso zinabadilika.

Geuza upande wa pili. Getini kwa ofisi fulani kuna mlinzi anayekaribia miaka sitini. Meneja, kijana wa thelathini na kidogo, anashusha kioo cha gari. Kwa kanuni tunayoitetea sote, kijana ndiye angeamkia. Badala yake mzee anasimama wima: "Shikamoo bosi." Na kijana anaitikia marahaba, au ananyanyua mkono tu na kupita. Hapa umri umekwenda upande mmoja na fedha upande mwingine, na shikamoo ikafuata fedha. Ukitaka kujua kama wapinzani wana haki, usiende kwenye kamusi. Tazama sehemu kama hii. Pale ambapo mkubwa kwa miaka anamwamkia mdogo mwenye cheo, ule uhusiano wa zamani wa bwana na mtumwa umerudi, hata kama hakuna anayekumbuka habari za miguu. Miaka ya TANU tuliitana "ndugu", waziri na mkulima, kwa nia ya kuvunja mambo ya namna hii. Shikamoo tuliiacha ilivyo, kwa kudhani kwamba umri peke yake hauwezi kumwonea mtu.

Kuna na mgongano mdogo ambao wageni huingia bila kujua. Kitabu cha wasafiri kimewaambia ni salamu ya heshima, wao wanaigawa kwa kila mtu, hadi dada wa miaka thelathini na tano sokoni anayejibu kwa ukali, "Kwani mimi nimezeeka?" Heshima ikipita kiasi cha umri inageuka kumzeesha mtu. Wenyeji tunakwepa kwa "mambo dada" au "za saa hizi", na mtu tuliyepishana naye miaka miwili mitatu tunamtania kwamba anatudai shikamoo yetu.

Kwa mtafsiri, ushauri wangu ni kutoitafsiri. "Nakushika miguu" inamdhalilisha msemaji ambaye hakudhalilika, na "habari za asubuhi" inaufuta uhusiano wote. Iache kama ilivyo, uhakikishe jibu la mkubwa limeonekana, maana ndilo linaloonyesha kama mdogo amepokewa au amepuuzwa.

Na kwa sisi wenyewe, nisingeiondoa. Ningeondoa shikamoo ya cheo, na ningemtaka mkubwa asiishie kwenye marahaba. Amuulize mdogo hali yake, na asubiri jibu. Panapobaki pagumu ni darasa la kisomo cha watu wazima. Mwalimu ana miaka ishirini na tatu, wanafunzi wamo waliomzidi mama yake, na desturi ya shule inataka darasa lisimame na kusema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu." Wapo walimu wanaowahi kuamkia wao kwanza, "Shikamooni wazee wangu," kabla darasa halijainuka. Nadhani hao wako sahihi, ingawa najua wapo wanafunzi wazee wanaokataa kabisa, wakisisitiza kwamba mwalimu ni mwalimu.