Picha ya ubavuni ilivyonipunguzia ng'ombe

Nusura niuze ng'ombe wangu kwa kilo 195. Mnunuzi alikuwa mbali, tukakubaliana nimpigie picha ng'ombe akiwa kando ya tepu, naye akadirie uzito. Nikaining'iniza tepu kwenye nguzo ya zizi, ng'ombe akasimama nyuma yake, nikapiga. Jibu likaja: 195.

Sikuridhika. Nikamzungushia tepu ile ile kifuani, nikapata sentimita 150. Kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, 125. Kanuni inayotumika sana ni hii:

```
kilo = mzunguko × mzunguko × urefu ÷ 10840
150 × 150 × 125 ÷ 10840 = 259.5
```

Kilo 65 nzima zilipotelea pichani. Simu ilikuwa mita 3 kutoka kwenye tepu, lakini ubavu wa ng'ombe ulikuwa sentimita 30 nyuma ya tepu. Kitu kilicho nyuma huonekana kidogo, kwa hiyo urefu wa 125 ukasomeka 114, na mzunguko ukakisiwa 136. Pungufu ni asilimia 9 tu, lakini kanuni inazidisha vipimo vitatu, na kosa likaingia mara tatu. Ndiyo maana robo ya mnyama ikayeyuka. Ningerudi nyuma hadi mita 6 ningepata kama kilo 224. Afadhali, lakini bado ni hasara.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Picha ya ubavuni haionyeshi mzunguko kabisa. Inaonyesha kina cha kifua, upana unabaki kukisiwa. Ng'ombe wawili wenye kina kimoja, mmoja kifua chembamba na mwingine kimejaa kama pipa, wanatoka sawa pichani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba tepu ikae mwilini mwa ng'ombe, na kazi ya picha iwe kuthibitisha namba. Picha ya kwanza ipigwe karibu, tepu ikiwa imezunguka nyuma ya nundu na nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, imekaza bila kubonyeza ngozi, namba isomeke. Ya pili ionyeshe tepu iliyonyooshwa kutoka bega hadi makalio, ncha zote mbili zikionekana. Ng'ombe asimame sawasawa kwa miguu minne, kichwa kisiinamie majani, maana akiinama kifua nacho hubadilika.

Hata hapo, kanuni haijui kilichomo tumboni. Nilimpeleka wangu kwenye mizani, ikasoma 251. Alikuwa ametembea tangu alfajiri bila kunywa maji. Tofauti ya kilo 8 au 9 naielewa na naikubali. Ile ya 65 nilimrudishia mnunuzi pamoja na picha mbili mpya, tukaanza kuzungumza bei upya.