Mtwara kuchele, na hilo giza la dakika sita halitufiki

Ujumbe umerudi. Mnaujua. Ule wa "dunia nzima itaingia gizani kwa dakika sita, mtumie na mwenzako". Mwaka 2025 ulikuja umeandikwa tarehe 2 Agosti 2025, watu wakasambaza mpaka simu zikapata moto, siku ikafika, jua la Mikindani likawaka kama kawaida yake na nguo zikakauka kabla ya saa tano. Nikadhani yameisha. Wiki iliyopita umetua tena kwenye kundi la ukoo, safari hii umesahihishwa mwaka: 2 Agosti 2027. Aliyeutuma kaweka na alama tatu za kulia.

Kwanza nicheke kidogo. Giza la dakika sita unamtishia mtu wa Mtwara? Umeme ukikatika hapa tunakaa saa sita na hatumtumii mwenzetu.

Lakini shangazi yangu alinipigia kwa wasiwasi wa kweli, akiuliza kama anunue mishumaa mapema kabla haijapanda bei. Nikaenda kwake jioni. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu ujumbe ule una ukweli ndani yake. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu, na kule Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika sita. Uongo uko kwenye maneno mawili tu: "dunia nzima". Maneno hayo mawili yanafuta jambo lote lenye utamu, kwamba giza lenyewe ni kitu chembamba mno, na kulipata ukiwa umekaa kibarazani kwako ni bahati ya vizazi.

Shangazi ni fundi cherehani na mfumaji wa vitambaa vya makochi. Nikamwomba nazi iliyofuliwa, ndimu, na ule uzi wake mnene wa kufumia.

"Unataka kupika au unataka kunifundisha?"

"Vyote, shangazi."

Chukua nazi ya upana wa sentimita 13 hivi, hiyo ni dunia. Ndimu ndogo ya sentimita tatu na nusu ni mwezi. Kwa kipimo hicho, kila sentimita moja ni kilomita 1,000, na ndimu inatakiwa ikae karibu mita nne kutoka kwenye nazi. Nazi tuliiweka juu ya kigoda, nami nikarudi nyuma na ndimu mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani. Jua? Jua lingekuwa duara la upana wa mita 14, limesimama kilomita moja na nusu kutoka pale. Shangazi akaangalia upande wa baharini, akanyamaza.

Sasa kivuli cha ndimu. Kwa kuwa jua ni pana kuliko ndimu, kivuli kizito cha ndimu hakiendi moja kwa moja kama kivuli cha ukuta. Kinachongoka kama karoti, kinazidi kuwa chembamba, na ncha yake inaishia mita 3.7 hivi kutoka kwenye ndimu. Rudi kwenye kipimo chetu: nazi iko wapi? Uso wake uko, kwa wastani, kama mita 3.8. Umeona? Kwa wastani ncha ya kivuli haifiki hata kugusa nazi! Inafika siku ambazo mwezi umesogea karibu, maana njia yake si duara kamili na umbali wake hupanda na kushuka. Na ikifika, inachogusa ni ncha. Doa lake kwenye nazi ni milimita moja na nusu tu, unene wa kichwa cha pini. Siku bora kabisa halizidi milimita tatu. Duniani hizo ni kilomita 150 za kawaida, na 270 hivi kwa ubora wa juu. Kuzunguka doa hilo kuna kivuli chepesi, kipana maelfu ya kilomita, na humo watu wanaona jua limemegwa tu.

Ukiniuliza kwa nini jua halipatwi kila mwezi, kwa kuwa kila mwezi mwezi hupita upande wa jua kabla ya kuandama: njia yake imelala kwa digrii tano hivi. Kwenye vipimo vyetu ndimu inaweza kupita hadi sentimita 34 juu au chini ya mstari, na kivuli kikaikosa nazi kabisa. Yametosha hayo.

Kinachonikera ni watu kusikia "kupatwa kwa jua ni tukio adimu" na kuishia hapo. Si adimu! Kila mwaka jua hupatwa angalau mara mbili mahali fulani duniani, na kupatwa kikamilifu hutokea takriban kila mwaka mmoja na nusu. Adimu ni wewe na hilo doa kukutana.

Dunia inazunguka na mwezi unakwenda, kwa hiyo doa halitulii. Linaburuzwa juu ya nazi na kuacha mstari. Ndiyo kazi ya uzi. Nikakata kipande cha sentimita 14, nikakilaza juu ya nazi kwa kupinda. Hiyo ni njia nzima ya kupatwa kikamilifu kwa mara moja: urefu kilomita 14,000, upana 150 kasoro kidogo. Nazi yote iliyobaki, haina giza. Nikamwambia shangazi aweke alama ya chaki popote apendapo, hiyo ndiyo Mtwara, kisha nikaanza kulaza vipande vya uzi ovyoovyo bila kuangalia. Nikakosa. Nikakosa tena. Kipande cha tisa kikapita jirani, shangazi akasema "hicho hapo!", kumbe kimeiacha chaki kwa upana wa kidole.

Hesabu yake haihitaji profesa. Kilomita 14,000 kwa 145 ni kama kilomita za mraba milioni mbili. Uso wa dunia ni milioni 510. Gawa: vipande 255 vya uzi ndiyo vifunike nazi nzima. Kila kipande ni mwaka mmoja na nusu. Zidisha, unapata miaka 380 na ushei. Mbelgiji Jean Meeus, aliyefanya hesabu hizi kwa umakini wa kweli, alipata wastani wa miaka 375 kwa mahali popote pamoja.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: wastani si ratiba. Nyuzi zikilazwa ovyo zitapishana, sehemu nyingine zitalaliwa mara mbili na nyingine zitasubiri miaka elfu. Pwani ya Angola walipata giza Juni 2001, wakapata tena Desemba 2002. Mji wa Carbondale kule Marekani ulipata 2017 na 2024. Waliobahatika wapo. Wala hakuna anayeweza kukuambia "kwetu zamu imefika" kwa sababu miaka imepita mingi. Anga haina foleni.

Na kuna watakaonijibu, "mbona sisi 2016 tuliona?" Nilijua mtakuja na hilo.

Septemba 1, 2016, Alhamisi. Kilele cha tukio lile kwa dunia nzima kilikuwa kusini kwetu huku, porini kaskazini-mashariki ya mji wa Tunduru, saa sita na dakika saba mchana. Wageni walijazana Rujewa kule Mbarali. Nilikuwa chini ya mwembe hapa Mikindani, na kitu ambacho sitakisahau kilikuwa chini, mchangani: vile vijiduara vya mwanga vinavyopenya kati ya majani vyote vilikuwa vimegeuka hilali. Mamia ya hilali nyembamba, zikicheza upepo ukipita. Mwanga ulififia kama chemli iliyopunguzwa utambi. Kuku waliendelea kuparura. Halafu basi. Mjomba akavua miwani akauliza, "Ndiyo hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu, mjomba, kwa sababu mbili. Kwanza, hata waliokuwa katikati ya njia hawakupata giza. Ilikuwa kipete. Mwezi siku ile ulikuwa mbali, upana wake machoni ukawa asilimia 97 ya jua, na ukingo wa moto ukabaki umeuzunguka kama pete. Kwenye nazi yetu, ncha ya karoti iliishia hewani, sentimita kumi kabla ya kugusa. Kilomita 10,000! Pili, sisi wa Mtwara mjini na Mikindani hatukuwa hata ndani ya njia ya hicho kipete, ambayo ilikuwa na upana wa kilomita 100 tu.

Watu hudhani jua likifunikwa asilimia 99 wamepata asilimia 99 ya giza. Hapana. Jua linang'aa mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Asilimia moja iliyobaki ni sawa na miezi mipevu 4,000 kwa pamoja. Hakuna usiku hapo, na macho bado yanaungua, kwa hiyo zile picha za eksirei mlizokuwa mnapokezana 2016 hazikuwa kinga.

Wala msingoje 2016 ijirudie. Kupatwa hurudi katika umbo lilelile baada ya miaka 18, siku 11 na saa nane hivi, lakini zile saa nane ni theluthi ya mzunguko wa dunia, kwa hiyo kivuli kinaangukia theluthi ya dunia kuelekea magharibi. Kipete chetu kitarudi Septemba 12, 2034, kwa watu wa Amerika Kusini. Kingine, cha ukoo tofauti, kitapita kusini mwa Tanzania Mei 21, 2031. Kipete tena.

Na 2027? Njia ni pana ajabu, karibu kilomita 260. Itapita Luxor, itapita Jeddah na Makka, itakata pembe ya kaskazini-mashariki ya Somalia na kuingia baharini. Kutoka Mtwara hadi ukingo wake wa karibu ni zaidi ya kilomita 2,000. Sisi tutaona jua limemegwa, tena wengi hawatagundua wasipoambiwa. Ukiletewa ujumbe wa giza, uliza swali moja tu: mstari wake unapita wapi, na una upana gani? Ujumbe usio na ramani ufute.

Shangazi aliniacha nimalize. Akaokota vipande vya uzi kimoja kimoja, akavinyoosha, akavirudisha kwenye kikapu. Akachukua nazi, akaifuta ile chaki na ncha ya khanga.

"Mishumaa nitanunua," akasema. "Ya umeme. Sasa sogea hapo kwenye mbuzi nikune."