Shimo la miaka minane

Juzi kijana wetu wa rasilimali watu alikuwa anachambua sivii za nafasi ya karani wa mishahara. Meza yangu na yake zimepakana, kwa hiyo hata nisipotaka namsikia. Alikuwa na marundo mawili. Akaishika sivii moja, akaisoma mbele na nyuma, akasema, "Hii ina shimo," akaitupa kwenye rundo la kushoto. La kushoto ndilo la wasioitwa.

Nikaomba niione. Dada wa watu amesoma uhasibu, amefanya kazi miaka sita, halafu 2016 hadi 2024 pakavu. Nikamuuliza kijana, "Mdogo wangu, unajua mimi nina shimo kubwa kuliko hili?" Akacheka, akidhani natania.

Sijatania. Niliacha kazi Desemba 2014, mwezi mmoja baada ya baba kupata kiharusi. Upande wa kulia wote ulilala na maneno yakapotea. Kaka zangu wawili walikaa kikao cha dakika kumi na tano na kugundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba mimi ndiye nisiye na mume wala watoto na kwa hiyo "nina nafasi". Nimerudi kazini Juni 2023. Katikati hapo nilikuwa nyumbani Tabata, namgeuza baba kila baada ya saa mbili asipate vidonda, napitisha uji kwenye mpira wa puani miezi ile ya mwanzo, najaza kaunta buku la presha: asubuhi, jioni, dawa, maelezo. Alifariki Oktoba 2022. Baada ya arobaini watu walirudi makwao, nikabaki naamka saa nane za usiku kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Kuna ushauri unazunguka kwamba wanawake kama sisi tuandike kwenye sivii "Meneja wa Kaya" au "Mratibu wa Huduma za Familia". Tafadhali. Sikuwa meneja wa mtu. Nilikuwa binti anayemuuguza baba yake, na mwajiri akitaka kujua nilikuwa wapi jibu ni hilo hilo, mstari mmoja: 2015 hadi 2022, nilimuuguza mzazi. Ukianza kulipamba unamfundisha msomaji kwamba kuna kitu cha kuficha.

Sasa niwe mkweli, maana kijana huyu hajakosea kila kitu. Usaili wangu wa kwanza, Februari 2023, niliufeli na nilistahili. Walitupa swali jepesi: mfanyakazi analipwa shilingi milioni moja kwa mwezi, kokotoa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara wake. Nikatabasamu ndani kwa ndani, kwani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikatoa asilimia 10 ya mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikabaki 900,000. Nikaanza na kima kisichotozwa, 170,000, nikapanda ngazi moja moja kwa viwango nilivyokuwa navyo kichwani: 12, 20, 25, 30. Nikapata 157,800. Nikaweka kalamu chini kabla ya wenzangu wote.

Jibu sahihi lilikuwa 103,000. Kima kisichotozwa kilishapanda hadi 270,000, ngazi ya kwanza ilishashuka hadi asilimia 8, na asilimia 30 ilishasogezwa hadi kwa kinachozidi milioni moja. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa tu hesabu ya 2014. Nilimkata mfanyakazi wa kufikirika shilingi 54,800 zaidi, na msaili, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akasema kwa upole ule unaouma, "Ndiyo hivyo, dada. Ulikuwa umekaa nyumbani."

Umekaa. Miaka minane sikumbuki nilikaa lini.

Nilirudi Tabata na hasira, na hasira ikanisaidia kuliko semina yoyote. Nilichukua karatasi yangu ya mshahara ya Novemba 2014, nikaibandika upande wa kushoto wa daftari, kulia nikaacha wazi. Kila mstari nikauliza: huu bado uko hai? NSSF asilimia 20 kwa pamoja, hai. PAYE, imekufa, nikaandika jedwali jipya. Mkopo wa elimu ya juu, nilizoea asilimia 8, sasa ni 15. SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi anayolipa mwajiri, niliiacha asilimia 5, nikaikuta 4, na zamani ilianzia kwa mwajiri wa watu wanne, sasa inaanzia kumi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haukuwepo kabisa kwenye karatasi yangu, maana michango yake ilianza Julai 2015. Na malipo yenyewe: siku zangu tulipeleka hundi, sasa kila kitu ni kontroo namba.

Nilipomaliza nikahesabu. Mistari sita. Miaka minane ya "shimo", na vilivyooza ni vitu sita vinavyoenea ukurasa mmoja wa daftari. Vingine vyote, yaani kujua kwa nini NSSF inatoka kabla ya PAYE, kunusa jumla isiyokaa sawa, kutomwamini mtu anayekuletea orodha ya wafanyakazi ijumaa jioni, vilikuwa pale pale nilipoviacha.

Kuvijua tu hakukutosha, mikono nayo ilibidi izoee. Jirani yetu ana kituo cha chekechea chenye wafanyakazi sita. Nikamwomba nimfanyie mishahara miezi mitatu kwa nauli tu. Mwezi wa kwanza nikamwandalia SDL safi kabisa, yenye desimali, kisha usiku nikakumbuka: sita, siyo kumi. Hadaiwi. Nikampigia asubuhi kabla hajalipa. Kosa hilo nalipenda kwa sababu lilikuwa la 2014 pia, na nilijikamata mwenyewe. Ndipo nikajua naweza kwenda usaili mwingine.

Haya, hapa ndipo nataka kijana wetu asikilize. Nimeajiriwa Juni 2023. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo SDL ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Jedwali la mishahara ya Julai liliandaliwa na mwenzangu mwenye sivii isiyo na shimo hata la sindano, miaka tisa mfululizo. Aliburuta fomula ya Juni. Mishahara yote ilikuwa milioni 38. Yeye aliweka SDL 1,520,000, ilitakiwa 1,330,000. Tungelipa laki moja na tisini ya bure, halafu tuanze kuandikiana barua za kuomba irudishwe. Nani aliiona? Shimo.

Wala sikuiona kwa akili nyingi. Niliiona kwa sababu mimi nilikuwa mgonjwa wa mashaka: kila kiwango nilikuwa nakihakiki kwa kuwa najua nimewahi kuaibika. Yeye hakuhakiki kwa kuwa hakuwahi kuondoka. Fani hii kila Julai mosi, sheria mpya ya fedha ikianza kazi, wote tunaweza kuamka tumepitwa, aliyekuwa ofisini na aliyekuwa anachemsha uji. Tofauti ni kwamba mmoja anajua amepitwa. Ukinipa mtihani wa kukumbuka viwango, nitafeli. Nipe jedwali la sasa, nipe mishahara kumi yenye makosa mawili, uone nani atayapata.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nilikuwa mzito. Eksel ilinichukua muda na kuna siku nilijifungia chooni nikalia kwa sababu nimeshindwa kupata printa. Yapo.

Mwelekeo ni habari nyingine. Mwaka 2014 nilikuwa najiandaa na mitihani ya bodi niwe mkaguzi, nivae suti, niende kuwahoji watu makampuni yao. Ndoto nzuri. Nilipoitafuta baada ya msiba sikuipata, na kwa miezi kadhaa nilidhani nimeharibika.

Lakini kulikuwa na kopo la biskuti. Mwaka 2015, pesa zilipobana, niliamua kuchukua fao la kujitoa, nitoe michango yangu yote nimtibie baba. Natafuta kadi yangu kabatini, nikafungua kopo lake. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja binafsi. Ndani mlikuwa na karatasi zake za mshahara zimefungwa raba kwa mwaka, zote, na barua ya mfuko ya 2011 alipostaafu. Nikakaa sakafuni nikazihesabu. Karatasi 182, kila moja imekatwa mchango. Barua inasema michango iliyopokelewa ni ya miezi 168. Miezi kumi na minne ilikatwa mfukoni mwake na haikufika popote. Na ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa miezi 180.

Kwa hiyo alipewa mkupuo, akaezeka nyumba, ukaisha. Kampuni ilishafungwa. Yeye wakati huo hawezi kusema, nikimwonesha zile karatasi analia jicho moja.

Fomu ya kujitoa sikuijaza. Mimi nilikuwa na miezi 96, nikaiacha ilale. Kaka zangu walinuna, maana ilibidi nao wachangie.

Ndiyo maana leo sitaki ukaguzi, nataka mishahara. Kazi ambayo watu wanaiona ya karani. Kila mwezi nikishalipa michango ya NSSF, nachukua orodha ya majina iliyopokelewa na mfuko, naishusha kidole jina kwa jina na orodha yangu, kwa sababu jumla inaweza kulingana huku namba ya uanachama ya mtu mmoja imekosewa tarakimu na mwezi wake umeenda kwa mwingine. Mwaka jana nilimkuta mlinzi wetu mmoja amepotea miezi mitatu hivyo. Hakuwa anajua. Yangu pia naiangalia: hadi Septemba 2025 nina 124. Bado 56.

Turudi kwa dada wa 2016. Sivii yake nimeirudisha rundo la kulia mwenyewe, mbele ya kijana, na nimemwandalia mtihani: mishahara kumi, makosa mawili, jedwali la PAYE pembeni. Kijana akampigia kumpa saa mbili asubuhi Jumatatu. Nikamsikia anasema "ehe... ehe...", kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Dada, anauliza kama anaweza kuja saa nne. Anayemwangalia mama yake anafika saa tatu."

"Mwandikie saa nne," nikamwambia.